Kukuza maandishi, kishale na rangi kwa mzee asiyeona vizuri, kompyuta ikiwa ya nyumba nzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kompyuta za Windows 10 na Windows 11, kwa sababu ndizo zilizojaa majumbani Dar es Salaam. Hujui yako ni ipi? Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R, andika `winver` kisha Enter. Majina ya sehemu za kubofya tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo. Panapoandikwa Accessibility, mwenye Windows 10 atafute Ease of Access. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, zote mbili zinakupeleka hukohuko.

Tukikuza maandishi kwa ajili ya bibi, watoto wanayarudisha. Akikaa tena anakuta herufi za sisimizi. Tufanyeje?

Mfungulie akaunti yake ndani ya kompyuta hiyohiyo. Hili ndilo jambo la kwanza, na ukiliruka, mengine yote yatakuwa kazi ya kurudia kila jioni. Ukubwa wa maandishi, kishale, rangi na kikuzaji huhifadhiwa kwa kila mtumiaji peke yake, hivyo bibi akiingia kwake anakuta mambo yake, na kijana akiingia kwake anakuta ya kwake.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users, halafu bofya Add account. Windows itaomba barua pepe. Usiiandike. Bofya I don't have this person's sign-in information, kisha Add a user without a Microsoft account. Andika jina fupi, mfano Bibi. Nafasi ya nywila ukiiacha wazi, akaunti itafunguka bila nywila, na kwa mtu anayehangaika kuona vitufe hiyo ni nafuu kubwa. Kama akaunti itakuwa na nyaraka za benki, weka nywila fupi anayoweza kuiandika kwa kupapasa. Kwenye Windows 10 njia ni ileile, ila utapita Family & other users na Add someone else to this PC. Yote haya yafanyike ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi wa kompyuta.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mjukuu kumfungulia bibi akaunti kwa barua pepe ya mjukuu mwenyewe, ileile anayoitumia kwenye laptopu yake ya kazini. Windows huweza kuoanisha mapendeleo ya akaunti moja kati ya mashine mbili, yakiwemo haya ya kuona. Asubuhi mjukuu anafika ofisini anakuta kishale cha njano kikubwa kama kijiko cha chai. Ndiyo maana tunasema akaunti isiyo na barua pepe.

Akaunti mpya itakuwa na nini, na itakosa nini?

Programu zilizowekwa kwa ajili ya wote atazikuta. Picha na nyaraka za wengine hatazikuta, kwa hiyo picha za familia ziwekwe kwenye folda ya `C:\Users\Public`, ambayo kila mtu anaifikia. Brauza yake itakuwa tupu, na WhatsApp ya kwenye kompyuta itabidi aiunganishe upya kwa kupiga picha ile alama ya miraba, kwa simu yake mwenyewe.

Mashine ikiwa na RAM ya GB 4, mwambie kila mtu atoke kabisa kwa Sign out akimaliza. Kubadilisha mtumiaji bila kutoka kunaziacha programu za wa kwanza zikiendelea kula nafasi, na kompyuta inakuwa nzito kwa anayefuata.

Tutajuaje tumkuzie kiasi gani? Tunamuuliza, anasema "naona, mwanangu".

Atasema hivyo hata kama haoni. Hataki kusumbua watu. Kwa hiyo usimuulize kama anaona. Mwombe asome kwa sauti, na umsikilize anapokwama.

Kaa naye kwa dakika 15, avae miwani yake ya kusomea. Sogeza kompyuta hadi kioo kiwe kama sentimita 40 kutoka machoni, maana miwani mingi ya kusomea imekusudiwa umbali wa namna hiyo. Laptopu iliyosukumwa hadi sentimita 80 inafanya herufi zionekane nusu ya ukubwa, na hapo utakuwa unapambana na umbali, si na macho. Akiwa na miwani ya sehemu mbili, kioo kiwe chini kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu ili asomee kwenye sehemu ya chini ya lenzi, na baada ya nusu saa shingo inauma.

Sasa ingia kwenye akaunti yake na uhakikishe Scale na Text size, vipimo viwili vya ukubwa tunavyovieleza kwenye swali linalofuata, vyote viko 100%. Fungua Notepad, chagua fonti ya Segoe UI, na uangalie chini ya dirisha kwamba ukuzaji wa Notepad wenyewe pia uko 100%. Andika sentensi ya kawaida kwa ukubwa wa 36, asome. Shuka hadi 28, 24, 20, 18, 16, 14, 12, na kila ukishuka badilisha sentensi, kwa sababu ile ya kwanza ameshaikariri. Unachotafuta ni ukubwa mdogo kabisa ambao anasoma bila kusita. Ule anaoweza kuchambua herufi moja moja uuache. Kwa ukubwa huo atachoka kabla hajamaliza ujumbe mmoja.

Mfano: mama mmoja mwenye mtoto wa jicho anasoma vizuri kwa 18 na 16, kwa 14 anaanza kusita, kwa 12 anakisia. Namba yake ni 16. Maandishi ya kawaida ya Windows yana ukubwa wa 9, basi gawa 16 kwa 9, unapata takriban 1.78. Mama huyu anahitaji maandishi yenye ukubwa wa karibu 178% ya yale ya kawaida. Iandike namba hiyo kwenye karatasi. Kila kinachofuata kinaitegemea.

Kuna "Scale" na kuna "Text size". Tutumie ipi?

Zote mbili, kwa kiasi, na zinazidishana.

Scale, iliyo kwenye System kisha Display, inakuza kila kitu: herufi, vitufe, alama, madirisha. Text size, iliyo kwenye Accessibility, inakuza herufi tu, kuanzia 100% hadi 225%, na haifanyi kitu mpaka ubofye Apply. Watu wengi wanavuta kile kitelezi, wanaona mfano wa herufi umekua, wanafunga dirisha na kulalamika kwamba haikushika.

Kwa nini usipandishe Scale peke yake hadi 175% ukamaliza? Kwa sababu ya kioo. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Ukikuza kila kitu kwa 175%, nafasi inayobaki ni sawa na ya kioo cha 781 kwa 439. Madirisha mengi ya programu hayawezi kujikunja kiasi hicho, na sehemu yake ya chini, penye OK na Save, inazama nje ya kioo. Mzee anabaki na swali linalomtaka ajibu, huku kitufe cha kujibia hakionekani. Ukinaswa hapo, bonyeza Enter kukubali au Esc kukataa. Ukitaka kulisogeza dirisha, shikilia Alt, bonyeza Space, kisha M, halafu tumia mshale wa juu.

Kwa kioo kama hicho usivuke 125% kwenye Scale. Nafasi inabaki kama ya 1093 kwa 614, na madirisha mengi yanaingia. Kilichobaki kichukue kwenye Text size: mama wetu anahitaji 178, gawa kwa 125, unapata 1.42. Weka Text size 142%, bofya Apply, kisha atoke na kuingia tena ili programu zote zishike ukubwa mpya. Kioo kikiwa cha 1920 kwa 1080, Scale inaweza kupanda hadi 150% bila shida, na Text size ikabaki karibu 119%.

Programu za zamani, kama baadhi ya zile za hesabu za duka, hazijali Text size hata kidogo. Hizo zinafuata Scale, au zinabaki zilivyo. Kwa hizo kuna kikuzaji, tutakifikia.

Fundi alitupunguzia "resolution" na herufi zikawa kubwa. Kuna ubaya?

Upo, tena mara mbili. Kioo kina idadi yake ya nukta. Ukikilazimisha kuonyesha pungufu, kinazitandaza na kingo za herufi zinakuwa na ukungu. Mtu mwenye uoni hafifu ndiye wa mwisho kuhitaji ukungu wa nyongeza. Halafu, tofauti na Scale, badiliko hilo linawakumba watumiaji wote wa kompyuta, kwa hiyo mnarudi kwenye ugomvi wa watoto. Rudisha palipoandikwa Recommended.

Kishale cha mausi anakipoteza kila mara.

Nenda Accessibility, kisha Mouse pointer and touch. Kwenye Windows 10 ni Mouse pointer. Ukubwa unaanzia 1 hadi 15. Usikimbilie 15. Kishale kikubwa mno kinafunika neno lenyewe analotaka kulibofya. Anza na 4 au 5, mwambie akitafute huku umekisukumia pembeni bila yeye kuona, kisha panda moja moja mpaka akipate bila kuhangaika.

Kuhusu rangi, cheupe kinapotea kwenye kurasa nyeupe na cheusi kinapotea kwenye maandishi meusi. Kile kinachojigeuza kulingana na kilicho chini yake kinasaidia baadhi ya watu, ila kinapepesa kinapopita juu ya picha. Tunapendelea rangi moja kali, kama kijani-limau au waridi iliyokolea, unayoichagua mwenyewe kwenye orodha ya rangi. Ajaribu kwenye ukurasa mweupe na kwenye picha ya harusi yenye rangi nyingi.

Jambo moja ambalo halisemwi popote: kishale hata kikiwa kikubwa kiasi gani, kinachobofya ni ncha yake tu. Kikiwa kidogo hutambui. Kikiwa saizi 6, mzee anakalisha tumbo la kishale juu ya kitufe, anabofya, hakuna kitu, anabofya tena kwa nguvu. Anadhani mausi imekufa. Mwonyeshe mara moja, polepole: "Bibi, angalia hii ncha ya juu kushoto, hiyo ndiyo iguse." Shida inaisha hapo.

Ongeza na msaada mmoja wa ziada. Bonyeza Windows na R, kisha andika:

```
main.cpl
```

Kwenye Pointer Options weka alama kwenye Show location of pointer when I press the CTRL key. Tangu hapo kila akikipoteza anabonyeza Ctrl, na duara linajikusanya pale kilipo. Hapohapo punguza kasi ya kishale kidogo, na utoe alama kwenye Hide pointer while typing.

Na kile kistari kinachopepesa wakati wa kuandika?

Hicho ni kitu kingine na kina mahali pake: Accessibility, kisha Text cursor. Washa Text cursor indicator ili kistari kivikwe vishungi viwili vya rangi, juu na chini. Unene wa kistari chenyewe unaanzia 1 hadi 20. Kwa wengi 5 au 6 inatosha, kwani kikizidi kinameza herufi iliyo jirani.

Ukurasa mweupe unamuumiza macho. Tuweke giza?

Inategemea jicho linaumwa nini. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga, kwa hiyo kioo cheupe kinakuwa kama taa ya gari usoni. Maandishi meupe au ya njano juu ya weusi humpa nafuu. Mwenye presha ya macho, ambaye uwanja wake wa kuona umekuwa mwembamba, mara nyingi anahitaji rangi zilizotofautiana vizuri kuliko herufi kubwa, maana herufi zikizidi ukubwa anaona maneno mawili tu kwa wakati mmoja na sentensi inampotea. Kama hajui anaumwa nini na uoni unashuka, apelekwe kliniki ya macho kwanza, Muhimbili au CCBRT pale Msasani. Hakuna mpangilio wa kompyuta unaoondoa mtoto wa jicho.

Mipangilio ya rangi iko Accessibility, kisha Contrast themes. Kwenye Windows 10 ni High contrast. Windows 11 ina minne: Night sky ni nyeusi kabisa, Aquatic na Dusk zina kijivu kizito, na Desert ina mandhari ya rangi ya maziwa yenye maandishi ya giza. Chagua mmoja, bofya Apply, kisha mpe ujumbe halisi ausome. Mjaribishe Night sky na Desert, siku moja kila mmoja. Ukibofya Edit unaweza kubadilisha rangi moja moja. Maandishi ya njano juu ya weusi ni chaguo la zamani na bado linafanya kazi. Viungo vya kubofya vipe rangi inayong'aa, kwani bluu iliyokolea juu ya weusi haisomeki.

Gharama zake uzijue. Rangi za visanduku vya Excel zinafichwa, kwa hiyo kama mama ana daftari la kikoba ambamo waliolipa wamepakwa kijani, atawaona wote sawa. Ongeza safu yenye neno "amelipa". Nembo nyeusi zisizo na mandhari nazo zinamezwa na weusi.

Kabla ya yote hayo, angalia kompyuta imekaa wapi. Kioo kinachotazamana na dirisha la magharibi saa kumi jioni hakiwezi kuokolewa na rangi yoyote. Kigeuze ili dirisha liwe ubavuni.

Kioo kimegeuka cheusi ghafla kwenye akaunti ya kijana. Ni virusi?

Ni vidole. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen vikibonyezwa pamoja vinawasha rangi hizi. Windows inauliza, na mtoto anabonyeza Enter bila kusoma. Bonyeza vitatu hivyohivyo, rangi zinarudi. Picha ya nyuma ikibaki nyeusi, nenda Personalization, kisha Themes, uchague ya zamani. Usimlipe mtu kwa kazi hii.

Kikuzaji, Magnifier, ni cha nini kama tumeshakuza kila kitu?

Ni cha vitu ambavyo havikui: picha ya risiti iliyotumwa WhatsApp, fomu iliyoskaniwa, tarakimu 20 za tokeni ya LUKU kwenye picha ya kioo cha simu. Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha kinakiwasha na kuongeza. Pamoja na alama ya kutoa kinapunguza. Pamoja na Esc kinazima. Mfundishe cha kuzima kabla ya cha kuwasha.

Kikiwaka hujaza kioo kizima, na kila mausi ikisogea ukurasa wote unakimbia. Wazee wengi wanapata kizunguzungu. Bonyeza Ctrl, Alt na L upate lenzi, kipande cha mraba kinachofuata kishale kama kioo cha mkononi, huku kingine chote kikitulia. Ctrl, Alt na I vinageuza rangi, jambo linalosaidia kwenye fomu nyeupe iliyoskaniwa. Picha yenyewe ikiwa hafifu, kikuzaji kitakuza huo uhafifu; mwombe aliyetuma apige upya akiwa karibu.

Menyu zimekua lakini magazeti kwenye brauza bado madogo.

Kurasa za tovuti zina mpangilio wao. Kwenye Chrome ya akaunti yake andika juu, penye anwani:

```
chrome://settings/appearance
```

Angalia kwanza kurasa zinavyoonekana kabla hujabadilisha, kwa sababu Scale ya 125% tayari imeshafika huko. Mama wetu wa 178 anahitaji nyongeza ya 142%, na Page zoom haina namba hiyo, chagua 150%. Kisha fungua `chrome://settings/fonts` na upandishe Minimum font size hadi 16 hivi, ili maelezo madogo ya chini ya picha nayo yakue. Ukurasa mmoja ukikataa, Ctrl na alama ya kujumlisha vinaukuza huo tu na Chrome itaukumbuka. Ctrl na sifuri vinaurudisha.

Tunaweza kumuunganishia TV ya sebuleni?

Mnaweza, kwa waya wa HDMI. Bonyeza Windows na P, chagua Second screen only. Ukichagua Duplicate, TV na laptopu zitagawana ukubwa mmoja usiozifaa zote. TV ya inchi 32 mara nyingi hukata kingo za picha, na upau wa chini unapotea. Tafuta kwenye menyu ya TV neno Just Scan, Screen Fit au PC; hilo linarudisha kingo na kuondoa ukungu. Scale ya TV hukumbukwa kando na ya laptopu, hivyo fanya tena hesabu ya Notepad akiwa amekaa kwenye kiti atakachokalia. Akikaa mita moja na nusu kutoka TV, faida ya inchi zote zile inaweza kuwa imeishia njiani.

Pale pa kuingilia, kabla hajafika kwake, herufi bado ndogo.

Ni kweli, na hapo ni pa wote. Kuna mpangilio wa kuwasha kikuzaji kabla ya kuingia, lakini utamkuta kila mtu wa nyumba hiyo, kwa hiyo tunauacha. Windows hutanguliza jina la aliyeingia mwisho. Kama ni lake na hana nywila, Enter inamtosha. Kama ni la mwingine, majina yamepangwa chini kushoto. Kwenye akaunti yake weka picha ya rangi moja kali, tuseme njano tupu, naye atabofya njano bila kusoma jina la mtu.